Shajara ya mradi wa Zaburi: barua kwa Kamati ya Ibada kuhusu Zaburi 23:4

Machi 3

Rasimu ya pili ya Zaburi 1 hadi 41 iko mikononi mwa sharika zilizokubali kuisoma kwa majaribio. Maoni yameanza kurudi. Mengi ni ya tahajia na alama za vituo, na hayo nimeyaingiza moja kwa moja kwenye faili la pamoja. Zaburi 18 ina malalamiko ya urefu wa sentensi. Yana haki, tutazikata.

Jambo zito ni moja. Kamati ya Ibada ya usharika mmoja imeandika baada ya rasimu yetu kusomwa kwenye mazishi. Mwinjilisti alipofika mstari wa nne, waombolezaji waliokuwa wakisema naye kwa moyo walijikuta wanasema maneno mengine. Wao walisema "bonde la uvuli wa mauti", yeye akasoma "bonde la giza nene". Kamati inauliza kwa nini mauti yameondolewa kwenye zaburi ya wafiwa, na ni nani aliyetoa ruhusa. Mratibu amenikabidhi majibu kwa kuwa zaburi hiyo niliitafsiri mimi. Naiweka barua yote hapa, kwa sababu sharika nyingine zitauliza swali hilo hilo.

Machi 8: barua iliyotumwa

Kwa wazee wangu wa Kamati ya Ibada, na kwako Mzee Mwenyekiti,

Bwana asifiwe.

Barua yenu imenifikia na nimeisoma pamoja na wenzangu. Pokeeni pole zetu kwa msiba. Mtu aliyesimama mbele ya jeneza la mpendwa wake anastahili kusikia maneno anayoyajua, na mmefanya vema kutueleza kilichotokea pale kaburini bila kuficha. Naomba nami niwajibu bila kuficha.

Mstari mnaoujua, wa Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, unasema: "Naam, nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti, sitaogopa mabaya, kwa maana Wewe upo pamoja nami, gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Rasimu yetu inasema: "Hata nikipita katika bonde la giza nene, sitaogopa baya lolote, kwa maana Wewe upo pamoja nami, gongo lako na fimbo yako vyanifariji." Mtaona kwamba mabadiliko yenye uzito ni mamoja tu, nayo yanatoka kwenye neno moja la Kiebrania: tsalmaveti.

Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti peke yake, kama wazee wetu wa pwani walivyosoma barua za hati ya Kiarabu zisizotiwa irabu: msomaji alijua mwenyewe sauti za kujaza. Neno hili lina konsonanti tano. Ukilisoma kama maneno mawili yaliyounganishwa, unapata tseli, yaani uvuli, na maveti, yaani mauti. (Hata mauti yetu, iliyokuja kwa njia ya Kiarabu, ni ndugu wa maveti.) Ukilisoma kama neno moja, unapata shina la ts-l-m lenye maana ya giza. Shina hilo limo katika lugha jamaa za Kiebrania: Waakadi wa Mesopotamia walikuwa nalo kwa maana ya kuwa cheusi, Kigeezi cha Ethiopia kinalo kwa maana ya kuwa giza, na Waarabu husema dhalaam, giza.

Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki kabla ya Bwana wetu kuzaliwa walisoma maneno mawili. Wakaandika "katikati ya uvuli wa mauti", na hata bonde lenyewe halimo katika Kigiriki chao. Kilatini kikafuata, Kiingereza cha mwaka 1611 kikafuata na bonde likiwamo, na ndugu zetu wa mwaka 1952 wakatupa maneno tuliyoyakariri tangu Shule ya Jumapili. Wasomi wa Kiyahudi walioongeza irabu kwenye maandiko karne nyingi baada ya Kristo nao waliziweka kwa namna inayosomeka "uvuli wa mauti". Kwa hiyo wazee wangu, asiwepo mtu wa kusema kwamba usharika umekuwa ukisoma kosa. Mmekuwa mkisoma tafsiri yenye mizizi mirefu, na ndiyo maana tumeiacha kwenye tanbihi chini ya ukurasa: "Au: bonde la uvuli wa mauti."

Basi kwa nini haikubaki juu? Neno hili limo mara 18 katika Agano la Kale, na mara 10 kati ya hizo ziko katika kitabu cha Ayubu. Kazi ya mtafsiri ni kwenda kila mahali na kuuliza linafanya nini pale. Nawaomba mfungue Biblia zenu twende pamoja mahali pachache.

Amosi 5:8 inasema Mungu hugeuza tsalmaveti kuwa asubuhi, kisha huufanya mchana kuwa usiku. Kinachogeuka kuwa asubuhi ni usiku. Nabii anasema habari za nyota na mapambazuko, wala hakuna maiti mahali pale. Katika Ayubu 28:3 wachimba madini wanaingia chini ya ardhi kutafuta mawe ndani ya giza na tsalmaveti. Wamezama shimoni na taa zao, wako hai na wanafanya kazi. Kisha Ayubu 34:22, ambapo naomba mkae kidogo: Elihu anasema hakuna giza wala tsalmaveti ambamo watenda maovu wanaweza kumficha Mungu nyuso zao. Mwizi hakimbilii mautini ili ajifiche. Hukimbilia mahali pasipo mwanga.

Mahali panapoikaribia zaidi Zaburi 23 ni Yeremia 2:6. Hapo Israeli wanakemewa kwa kutomkumbuka Bwana aliyewaongoza jangwani, katika nchi ya mashimo, ya ukame na ya tsalmaveti, mahali asipopita mtu. Yuko mwenye kuongoza, wako wenye kuongozwa, na iko njia mbaya. Ndiyo picha ya mchungaji wetu. Nchi ya Yuda ina makorongo membamba yenye kuta za mawe pande zote, kama lile linaloshuka kutoka upande wa Yerusalemu kuelekea Yeriko. Kondoo lazima wapitishwe humo ili wafike kwenye malisho mengine, na mle ndani jua likishainama hakuonekani vizuri mbele, na mnyama mkali au mnyang'anyi anaweza kuwa nyuma ya jiwe lolote. Gongo na fimbo ni za hapo. Moja ni la kupigia adui, nyingine ni ya kuegemea na kuwaelekeza kondoo. Mchungaji aliyeishika fimbo yake gizani ana kazi nayo.

Kuna sababu ya pili, nayo iko ndani ya Zaburi zenyewe kwa Kiswahili chetu. Neno uvuli katika Zaburi ni neno la wema. "Unifiche chini ya uvuli wa mbawa zako", Zaburi 17:8. "Atakaa katika uvuli wake Mwenyezi", Zaburi 91:1. "Bwana ni uvuli mkono wako wa kuume", Zaburi 121:5. Watu wa nchi ya jua kali waliujua uvuli kuwa ni kimbilio, nasi tunaujua hivyo hivyo. Mahali pote hapo Kiebrania kina tseli, ile ile tunayodhani kuisikia ndani ya tsalmaveti. Ukiweka Zaburi 23:4 kando ya mistari hiyo, humo peke yake tungelitaka uvuli uwe kitu cha kuogopesha. Tulipowasomea wasikilizaji mistari hiyo minne kwa mfululizo na kuwauliza wanaona nini, wengi walisita kwenye huo mmoja. Kijana mmoja alisema anaona kivuli cha mtu aliyekufa, yaani mzuka. Mama mmoja alisema ni mgonjwa aliye hoi kitandani. Tulipowasomea "bonde la giza nene", walisimulia njia ya usiku, mbwa, wezi, kutafuta mtoto aliyepotea, na pia kitanda cha mgonjwa. Giza lilibeba vyote, na kifo hakikuachwa nje.

Hapo nafika kwenye swali lenu lenyewe, kama tumeyaondoa mauti. Ningejibu hapana, lakini nisiwape jibu la haraka. Ziko sehemu ambapo tsalmaveti inagusana na kifo waziwazi. Ayubu 38:17 inataja malango ya mauti na malango ya tsalmaveti katika mstari mmoja. Ayubu 10:21 na 22 inaiita hivyo nchi ya wafu, ambako mtu haendi akarudi. Giza hilo, kwa hiyo, lina upana wa kutosha kufika hadi kaburini, na Daudi hakuliwekea mpaka. Mtu anayesoma mstari huu kwenye mazishi hakosei hata kidogo. Tunachosema ni kwamba zaburi haikuandikwa kwa ajili ya mazishi tu. Mgonjwa aliyepewa majibu mabaya hospitalini, na mama ambaye mwanawe hajarudi, wako bondeni wakiwa hai, na tafsiri inayotaja mauti peke yake inawafanya wangoje mpaka wafiwe ndipo mstari uwe wao.

Nataka pia mjue tusichokigusa, maana ndipo uzito wa zaburi ulipo. Soma mistari mitatu ya kwanza: Daudi anasema habari za Mungu. Hulaza, huongoza, huhuisha. Akiingia bondeni anaacha kusema habari zake, anaanza kusema naye: "Wewe upo pamoja nami." Badiliko hilo la kutoka "yeye" kwenda "wewe" linatokea gizani. Na ukihesabu maneno ya Kiebrania, ukiacha kichwa cha "Zaburi ya Daudi", utakuta maneno 26 kabla ya "kwa maana Wewe upo pamoja nami" na maneno 26 baada yake. Maneno matatu ya Kiebrania yanayobeba sentensi hiyo yamekaa katikati kabisa. Nimeyahesabu kidole kwa kidole, nanyi mkiwa na mchungaji aliyesoma Kiebrania atawahesabia. Ndiyo maana katika sentensi hiyo hatukubadili hata herufi ya Muungano. Ilikuwapo rasimu iliyopendekeza "uko nami", fupi na nyepesi. Nilipinga na wenzangu wakakubali, kwa sababu "upo pamoja nami" ndiyo inayosemwa na mtu anayekufa akiwa ameshikwa mkono, na inatosha.

Liko jambo moja ambalo hatukuweza kulimaliza vizuri, na ni haki yenu kulijua. Isaya 9:2 ina neno hili hili: watu wakaao katika nchi ya tsalmaveti, nuru imewaangaza. Mathayo 4:16 ananukuu maneno hayo, naye ameandika kwa Kigiriki, na Kigiriki chake ni "uvuli wa mauti" bila shaka yoyote. Zakaria baba wa Yohana naye anasema hivyo katika Luka 1:79. Hatuwezi kumtafsiri Mathayo kwa Kiebrania ambacho hakukiandika. Kwa hiyo Agano Jipya litabaki na "uvuli wa mauti", na msomaji wa Isaya atakuta "giza nene" na tanbihi ya kumpeleka kwa Mathayo. Mtu atakayesoma masomo yote mawili siku moja, kama mnavyofanya wakati wa Krismasi na Epifania, atasikia tofauti. Tungependa kusiwe na tofauti, lakini tofauti hiyo iko kwenye maandiko yenyewe, kati ya Kiebrania na Kigiriki.

Kuhusu "bonde", mzee mmoja wenu ameuliza kwa nini hatukuandika "korongo" kama nilivyolieleza hapo juu. Tulilijaribu. Neno la Kiebrania ni bonde jembamba, na korongo lingefaa. Ila neno hilo hilo ndilo la Bonde la Hinomu, na "bonde" halikumpotosha msikilizaji yeyote tuliyemuuliza. Hatukuona sababu ya kuwaongezea waumini neno la pili geni katika mstari mmoja.

Kuhusu ruhusa: rasimu hii haijapitishwa na mtu yeyote kuwa Biblia ya kanisa. Iliandikwa na watu wa kujitolea, ikapitiwa na mshauri wa tafsiri anayejua Kiebrania, na sasa iko kwenu ili mseme. Habari Njema, ambayo wengi wenu mnayo nyumbani, ilikwisha kusema "bonde la giza kuu" kabla yetu, kwa sababu hizo hizo. Sisi tumechagua "giza nene" kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema barabarani na shambani. "Giza totoro" lilipendwa na vijana, lakini wazee waliosikia walisema linawapeleka kwenye hadithi za jioni, nasi tukaliacha.

Nyimbo za kwaya zisiguswe. Aliyetunga wimbo kwa "bonde la uvuli wa mauti" ana silabi kumi za kuimba. "Bonde la giza nene" lina saba, na wimbo utavunjika. Wimbo ni kazi ya mtunzi wake, si yetu.

Ombi langu kwenu ni mawili. Kwanza, kwenye mazishi yajayo endeleeni na Biblia ya Muungano mpaka waumini wawe wamefundishwa. Rasimu ya majaribio haikupaswa kufika kaburini bila maelezo, na tutaandika onyo hilo kwenye jalada. Pili, mchague Jumapili moja ya kawaida, msome zaburi hii kwa tafsiri zote mbili, yenu kwanza kisha yetu, halafu mwaulize watu watatu au wanne wa rika tofauti: "Umeona nini ulipofika bondeni?" Msiwaeleze lolote kabla. Majibu yao muyaandike kama walivyoyasema, hata yakiwa ya kutupinga, mtuletee.

Niko tayari kuja kikaoni mkiniita.

Ndugu yenu katika Kristo,
mtafsiri wa kujitolea, kundi la Zaburi

Machi 9

Mratibu ameipitisha barua kwa badiliko moja: ameondoa aya niliyokuwa nimeandika juu ya lugha ya Ugariti. Sawa. Kamati ilikuwa na swali la msiba, na Kiakadi, Kigeezi na Kiarabu vilitosha kuonyesha shina.

Jalada jipya la nakala za majaribio limechapwa: "Kwa kusomwa na kujadiliwa. Isitumike kwenye ibada za mazishi, ndoa na ubatizo." Nakala za zamani zitabandikwa karatasi.

Machi 21

Nimeitwa kikaoni na nimekwenda. Kulikuwa na wazee, mchungaji, mama mwenyekiti wa umoja wa wanawake na kiongozi wa kwaya. Hesabu ya maneno 26 ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko yote. Mchungaji alileta Biblia yake ya Kiebrania, tukahesabu mezani, akauliza kama maneno yaliyofungwa kwa kistari huhesabiwa moja au mawili. Tuliyahesabu kila moja peke yake, na hesabu ikatoka.

Mama mwenyekiti alisema jambo ambalo sikuwa nalo kwenye barua. Wanawake wanaotembelea wagonjwa wameacha kuusoma mstari huu wodini, kwa sababu mgonjwa akisikia "mauti" hudhani wamekuja kumuaga. Wao huruka kutoka mstari wa tatu hadi wa tano. Yaani maneno "Wewe upo pamoja nami" hayamfikii mtu anayeyahitaji kuliko wote. Alisema kwa wodini angeisoma ya kwetu kesho yake. Mzee mmoja akajibu kwamba kwake yeye kinyume chake ni kweli: alipomzika mkewe alitaka kifo kitajwe kwa jina lake, asizungukwe, na "giza" lingemwacha na njaa. Nimeyaandika yote mawili. Naona mzee ana haki, na kwa ajili ya watu kama yeye nitapigania tanbihi isiondolewe hata kama wachapaji watalalamika nafasi.

Kamati imeamua: Muungano kwa mazishi, rasimu kwa usomaji wa Jumapili na kwa ziara za wagonjwa, kisha watatoa maoni baada ya Pasaka. Kura ya mstari wenyewe hawakupiga, na sikuwaomba.

Machi 23

Hali ya neno katika faili la maneno makuu: "tsalmaveti" imewekwa "giza nene" kwenye Zaburi 23:4, Isaya 9:2, Yeremia 2:6 na Amosi 5:8. Tanbihi ziko Zaburi 23:4 na Isaya 9:2 tu.

Zaburi 107:10 na 14 zinaenda vizuri. Ni wafungwa waliofungwa minyororo katika giza na tsalmaveti, na "giza, giza nene" kwa kufuatana linasomeka kwa nguvu. Zaburi 44:19 bado. Pale Mungu amewafunika watu wake kwa tsalmaveti katika makao ya mbweha, na "kufunika kwa giza nene" linasikika sawa kwangu, lakini mwenzangu anayeshughulikia Kitabu cha pili anataka kulisikia kwa wasomaji kwanza.

Tatizo la kweli ni Ayubu 10:21 na 22. Katika mistari miwili hiyo Kiebrania kina maneno manne tofauti ya giza, na tsalmaveti imo mara mbili. Kiswahili tulichokwisha kukitumia ni giza na giza nene, basi. Yamebaki kiza, weusi na totoro. Hapo ni nchi ya wafu hasa, na mshauri anaona kama kuna mahali pa kurudisha "uvuli wa mauti" juu ya ukurasa ni hapa, tanbihi ikawa "giza nene". Nakubaliana naye zaidi kuliko nilivyotarajia. Kundi la Ayubu limeombwa lilete rasimu mbili, moja ya kila njia, kabla ya kikao cha Aprili, na zote mbili zisomwe kwa sauti na mtu asiyejua ipi ni ya nani.